Pampu ya Shangazi na Miezi Isiyo na Kreti

Wakala wa pampu za sola alimwachia shangazi yangu karatasi moja tu. Juu ilikuwa na picha ya nyanya nyekundu, katikati hesabu, chini bei. Nusu ekari, nyanya mara mbili kwa mwaka, kreti 200 kila msimu, kreti moja shilingi 4,000. Ukizidisha unapata mauzo ya milioni 1.6 kwa mwaka kutoka kwenye kishamba cha ukingoni mwa mto Sabaki ambacho hadi sasa kinatoa mahindi, kunde na mchicha. Vifaa vyote ni 400,000. Shangazi ana akiba ya 100,000, na chama cha akiba na mikopo anachoweka pesa zake kiko tayari kumkopesha 300,000 zilizobaki.

Kazi yangu ni kukagua maombi ya mikopo, ya chama kingine, hapa Malindi mjini. Kwa hiyo karatasi ilifika kwangu.

"Nisomee, mwanangu," akasema. "Naona kama inajilipa kabla mwaka haujaisha."

Ukaguzi wangu huanza na shamba lilivyo leo, kabla sijaigusa pampu. Kitu cha kupima ni kile ambacho pampu itaongeza. Masika, kuanzia Aprili hadi Juni, shangazi hupanda mahindi na kunde kwa mvua. Hayo yataendelea vilevile, pampu iwepo isiwepo, kwa hiyo nikayaweka kando. Mchicha anaoumwagilia kwa ndoo pembeni humpa kama 2,500 kwa mwezi, pesa ya jikoni. Nao nikauacha ulivyo. Lakini vuli huwa anapanda tena kunde na pojo, zikamwachia kama 12,000 baada ya gharama. Ardhi hiyo sasa itashikwa na zao la kumwagilia, basi 12,000 hizo ni gharama ya pampu, ingawa haziko kwenye risiti ya mtu yeyote. Wakala hakuziandika. Sijaona wakala anayeziandika.

Kisha mazao yenyewe. Nyanya mara mbili kwa mwaka kwenye udongo uleule ni kualika mnyauko, ule ugonjwa wa bakteria unaokaa udongoni na kuangusha mche mzima ukiwa bado kijani. Hoho na biringani ni ukoo mmoja na nyanya, kubadilishana nazo hakusaidii. Kingine ni joto. Nyanya hushika matunda vizuri usiku unapokuwa na ubaridi kidogo. Kaskazi ikishika, usiku wetu ni wa joto, maua yanapukutika, na mkulima anabaki na majani mazuri ya kupigia picha. Nyanya za huku zina nafasi yake, nayo ni kusi: miche inakwenda shambani mapema Julai, uvunaji unaanza katikati ya Septemba na kuishia Oktoba. Ndiyo maana nilipoulizwa kama shangazi afikirie banda la plastiki badala ya pampu, nilisema hapana bila kuhesabu chochote. Mabanda yale yanafaa nyanda za juu, kwenye usiku wa baridi. Ukilijenga Malindi umelipia joto ambalo tunalo bure. Kivuli cha neti, labda. Plastiki, sioni sababu.

Baada ya nyanya, zao la pili ni tikiti maji, ambalo si la ukoo wa nyanya na linapenda jua letu. Tikiti huchukua kama siku 80 hadi 85 tangu mbegu kuingia ardhini, na hapa soko lake kubwa linajulikana na kila mtu: Ramadhani. Kwa hiyo unahesabu kurudi nyuma. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari, basi mbegu ziwe chini katikati ya Novemba. Hili nitalirudia, kwa sababu mwezi hausimami mahali pamoja.

Mavuno niliyapunguza kuliko karatasi ilivyosema, na shangazi hakufurahi. Kwa mkulima anayeanza nyanya za kumwagilia kwa mipira ya matone, kwa nusu ekari, niliweka kreti 80 za kilo 60 hivi. Bei ya shambani 2,500, si ile ya sokoni ambapo dalali ameshaweka lake. Hiyo ni 200,000. Miche, mbolea, dawa, vijiti na vibarua vinakula 75,000, kinabaki 125,000. Tikiti niliziwekea tani 5 kwa shilingi 20 kwa kilo, yaani 100,000, gharama 38,000, kinabaki 62,000. Jumla ya mazao mawili ni 187,000.

Kutoka hapo nikatoa 12,000 za kunde na pojo za vuli. Nikatoa 17,000 kwa mwaka za matengenezo, maana mipira ya matone haidumu milele na vichujio hufa kwanza. Nikatoa na 18,000 za kijana wa ulinzi. Viboko wa Sabaki hutoka usiku, na kiboko mmoja kwenye tikiti hahitaji usiku wa pili. Kijana huyo analinda mashamba matatu na kila shamba linachangia 1,500 kwa mwezi. Kilichobaki ndicho pampu inachoongeza kweli: 140,000 kwa mwaka. Milioni 1.6 imekuwa 140,000, na sijasema bado kwamba mradi ni mbaya.

Kwa sababu si mbaya. Pesa ya vifaa, 400,000, inarudi kabla miaka mitatu haijaisha. Ukichukulia vifaa vitafanya kazi miaka 7 na kupunguza thamani ya pesa za baadaye kwa asilimia 12 kila mwaka, sawa na riba ya chama, miaka hiyo 7 ya 140,000 ina thamani ya leo ya kama 639,000. Toa 400,000, unabakiwa na karibu 240,000. Kamati nyingi zingepiga muhuri hapo.

Mimi nikachukua karatasi ya pili na kuchora miezi kumi na miwili.

Chama kinatoa mkopo wa miaka mitatu kwa asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Kwa 300,000 hiyo ni 9,965 kila mwezi, mara 36. Kwa mwaka ni kama 119,600, na pampu inaleta 140,000, kwa hiyo kwa mwaka inatosha. Lakini mkopo hauulizwi kwa mwaka. Mkopo unaulizwa Aprili, halafu Mei, halafu Juni.

Wakala alitaka vifaa vifungwe Machi, "kabla ya msimu." Msimu gani? Aprili mvua inaanza, na Mei ndio mwezi wa mvua kubwa kuliko yote pwani hii. Pampu itakaa chini ya turubai ikitazama mvua ikifanya kazi yake bure, na shangazi atalipa awamu tatu, karibu 30,000, kwa kitu ambacho hakijatoa hata nyanya moja. Kisha Julai, Agosti na Septemba, awamu tatu nyingine, wakati huohuo akinunua miche, mbolea na dawa za 75,000. Jumlisha: kabla ya kreti ya kwanza kupanda kwenye pikipiki, mkononi mwake lazima ziwe zimepita kama 135,000. Na akiba yake yote, zile 100,000, imeshaingia kwenye vyuma. Hana hata ya mbegu.

Najua kinachotokea hapo, kwa kuwa nakiona kwenye majalada. Awamu ya Aprili inalipwa kwa kuuza mbuzi. Ya Mei inalipwa kwa kukopa kwenye simu. Julai mbolea inapunguzwa nusu, Agosti dawa inarukwa mara mbili, na kreti 80 zinakuwa 45. Kisha kwenye ripoti inaandikwa kwamba mkulima hakufuata kanuni za kilimo bora.

Shangazi alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo wateja wangu wengi hawaulizi: "Kwa hiyo nisikope, au nikope vingine?"

Akope vingine. Lakini kwanza tupunguze vyuma.

Katika zile 400,000, pampu na paneli ni 145,000, tangi la lita 10,000 ni 90,000, jukwaa la kulibeba 35,000, mipira ya matone na chujio 75,000, ua 40,000, na kibali, usafiri na fundi 15,000. Kibali si mapambo: kuvuta maji ya mto kwa pampu kunahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na chama makini kitaiulizia. Tangi ndilo lililonivutia. Kwa nini lita 10,000? Siku ya ukame hapa zao hunywa kama milimita 5 za maji. Nusu ekari ni kama mita 2,000 za mraba, basi mahitaji ya siku ni lita 10,000, na wakala alichukua tangi la kubeba siku nzima. Lakini pampu ya sola inavuta tangu asubuhi hadi alasiri. Tangi la lita 5,000 likijazwa asubuhi likamwagwa, likajazwa tena mchana likamwagwa jioni, kazi ni ileile. Linagharimu kama 45,000. Na jukwaa linabeba tani 5 badala ya 10, kwa hiyo 15,000 zinatosha. Ua, shangazi ana miti na miiba yake mwenyewe, akanunua waya tu kwa 20,000. Tumepunguza 85,000.

Nikarudisha 25,000 kwa kitu ambacho hakikuwemo: kisima kifupi kwenye mchanga wa ukingo. Yeyote aliyesimama ufukweni Malindi wakati wa mvua ameona bahari ikigeuka ya kahawia. Udongo ule unashuka na Sabaki. Ukivuta maji hayo moja kwa moja kutoka mtoni, chujio linaziba ndani ya siku chache, kisha matundu ya matone, ambayo ni madogo kuliko punje ya mtama. Utajua kwa kutembea mwisho wa mistari: miche ya mwanzo inanenepa, ya mwisho inasinyaa, na mkulima anadhani ni ugonjwa. Kisima cha ukingoni kinaacha mchanga uchuje kabla ya pampu. Vifaa sasa ni 340,000.

Mkopo unabaki 300,000. Kutoka kwenye akiba, 40,000 zinakwenda kwenye vifaa na 60,000 zinabaki kwa ajili ya nyanya. Kasoro ya 15,000 itatoka kwenye mahindi ya masika, atakayoyauza kiasi Agosti, wakati dawa zinapohitajika. Kwangu hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote, kubwa kuliko riba: akiba ya mkulima ni ya mbegu, na mkopo ni wa vyuma. Vyama vingi vinataka kinyume chake, mteja aoneshe mchango wake kwenye vifaa. Vinapata pampu zilizolipiwa vizuri kwenye mashamba yasiyopandwa.

Mkopo utolewe mwisho wa Juni, si Machi. Na ulipwe mara mbili kwa mwaka: 65,000 mwisho wa Oktoba kutoka kwenye nyanya, 35,000 mwisho wa Februari kutoka kwenye tikiti. Miezi mingine hakuna kitu, riba inajiongeza tu kwenye salio. Niliufuata mwezi kwa mwezi. Oktoba ya kwanza deni limefika 312,181, linashuka hadi 247,181. Februari linabaki 222,218. Kuanzia Machi hadi Septemba linapanda tena, na hapo shangazi alikunja uso, kwa sababu hakuna anayependa kuona deni likikua. Lakini Oktoba inalikuta. Kwa mwendo huo, awamu kubwa zinaisha Oktoba ya nne, na Februari inayofuata kunabaki kama 4,300 za kumalizia. Jumla atakayolipa ni karibu 369,300. Kwa awamu za kila mwezi angelipa 358,700. Tofauti ni shilingi 10,600 hivi, bei ya kutouza mbuzi Aprili.

Na Oktoba yenyewe inabeba? Nyanya 200,000. Toa 65,000 za chama, 38,000 za kupandia tikiti mara moja, 75,000 za kuweka kwa nyanya za mwaka ujao. Zinabaki 22,000. Februari tikiti 100,000 zinatoa 35,000, zinabaki 65,000. Humo zitoke za kijana wa ulinzi na matengenezo. Inapita, lakini kwa wembamba, na nilitaka shangazi auone wembamba huo kabla ya kutia sahihi.

Kwa mwaka, pampu inaongeza 140,000 na chama kinachukua 100,000. Nafasi ya kupumua ni 40,000. Gawanya kwa kreti 80, unapata 500. Yaani wastani wa bei ya kreti kwa msimu mzima unaweza kushuka kutoka 2,500 hadi 2,000, na deni bado linalipika kwa pesa ya pampu. Chini ya hapo analipa kwa pesa ya mchicha. Au bei ibaki 2,500 na kreti ziwe 64. Moja kati ya hayo, si yote mawili.

"Nyanya zimewahi kuwa chini ya elfu mbili shambani?" nikamuuliza. Yeye ndiye anayeuza, si mimi.

"Zimewahi," akasema. "Zikishuka zile za Taveta kwa wingi, hata mtu wa kuziangalia humpati. Lakini huwa ni wiki mbili, tatu."

Wiki mbili tatu katika uvunaji wa wiki sita. Tuliandika hivyo pembeni mwa karatasi. Hoteli za Watamu zinaweza kulipa bei nzuri zaidi wiki hizo, ila hulipa baada ya mwezi au zaidi, na mwisho wa Oktoba haungoji hundi. Kreti 20 za hoteli, sawa. Kreti 80, hapana.

Kisha mafuriko. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mito ya Kenya ilitoka kwenye kingo zake, Sabaki ikiwemo. Kwa shamba la ukingoni sichukulii hilo kama ajali, nachukulia kama gharama ambayo tarehe yake haijulikani. Tikiti za katikati ya Novemba ziko njiani mwake kabisa. Zikisombwa, shangazi anapoteza mauzo ya 100,000 na gharama hazirudi. Kwa mkopo wa miaka mitatu wa kila mwezi, ziada yote ya miaka hiyo ni kama 61,000: msimu mmoja uliosombwa unamwangusha. Kwa mpango wa mavuno, ziada ya miaka minne ni kama 190,000, na msimu mmoja unamezeka. Miwili haimezeki. Kwa pampu yenyewe, masharti yangu ni mawili: ifungwe kwa nati ili watu wawili waweze kuing'oa jioni moja, na paneli zikae juu ya alama ya maji ambayo majirani wanaikumbuka, hata kama nyaya zitaongezeka.

Ramadhani nilisema nitairudia. Kila mwaka inarudi nyuma kwa kama siku 11. Ya 2028 itaanza mwishoni mwa Januari, ya 2029 katikati ya Januari, basi mbegu za tikiti zitatakiwa ardhini mwisho wa Oktoba, wakati nyanya bado zinavunwa kwenye mistari ileile. Kwa hiyo bei ya tikiti ya mwaka wa kwanza si ya mwaka wa tatu. Kufikia wakati huo shangazi achague: ang'oe nyanya mapema na kupoteza kreti za mwisho, au aache tikiti zipitwe na Ramadhani na kuuza kwa bei ya kawaida. Katika hesabu niliweka shilingi 20 kwa kilo, ambayo haitegemei futari ya mtu. Kinachozidi ni bahati ya miaka miwili ya mwanzo.

Kilichobaki hakihusu pesa. Shamba lake liko upande wa chini, kuelekea mdomo wa mto, na mwisho wa kaskazi mto ukiwa mdogo, bamvua husukuma chumvi juu. Nyanya huvumilia maji yenye chumvi ya hadi desisimensi 1.7 kwa mita bila mavuno kupungua. Ulimi unaweza usijue tofauti ya 1.7 na 3, lakini nyanya inajua. Maji ya kisima yapimwe siku mbaya kuliko zote, yaani Machi, kwenye bamvua. Ukipima Mei, mto umejaa, unajidanganya. Kipimo kikizidi, mchoro wote huu ni wa zao jingine.

Tumepeleka mpango kwenye chama chake. Fomu ina kisanduku cha "kila mwezi" pekee. Karani akasema hana pa kuandika Oktoba na Februari, akatuelekeza kwa meneja, na meneja ameomba risiti za mauzo ya mchicha na mahindi ya mwaka jana ili aipeleke kwenye kamati. Shangazi anazo nusu, nyingine ni meseji za M-Pesa kwenye simu ya binti yake. Wakala naye amepiga kusema bei ya Machi haitakuwepo Juni. Shangazi amemjibu amwandikie bei ya Juni, ya tangi la lita 5,000.